Barabara Imewafuata au Wameifuata? Namna Maswali ya Mkutano wa Wananchi Yanavyofupishwa Bila Kupotea

Na Mwandishi Wetu

Katika mikutano ya wananchi inayohusu upanuzi wa barabara, lipo swali ambalo halikosekani: je, mimi nimeifuata barabara, au barabara imenifuata? Jibu lake huamua kama mwenye nyumba atalipwa fidia au atabomoa kwa gharama zake mwenyewe. Swali hilo huulizwa kwa namna nyingi, na watu walio katika hali tofauti, mbele ya viongozi wanaojibu kwa zamu. Mkutano ukiisha, kinachobaki ni sauti iliyorekodiwa na, baada ya siku kadhaa, muhtasari wenye maswali yaliyopangwa kwa mada na jibu la kila mada. Wengi hawataisikiliza sauti. Watausoma muhtasari, na kwa muhtasari huo wataamua kama wapande mihogo, wakarabati paa, au waanze kutafuta kiwanja kingine.

Makala haya yanaeleza namna muhtasari wa aina hiyo unavyopaswa kuandaliwa, ili mwananchi anayeusoma ajue la kuangalia. Mkutano tunaoutumia ni wa mfano, tumeutunga kwa ajili ya maelezo haya. Sheria tunazozitaja ni za kweli na zinatumika Tanzania Bara.

Tuchukulie mkutano wa hadhara uliofanyika katika kijiji kilichopo kando ya barabara kuu. Mgeni rasmi ni Mkuu wa Wilaya. Ameongozana na mhandisi wa Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS), mthamini wa halmashauri na mtendaji wa kata. Sauti iliyorekodiwa ina urefu wa saa mbili na dakika kumi. Wananchi 19 wamesimama kuzungumza.

Hapo ndipo mtego wa kwanza ulipo. Watu 19 si maswali 19. Mwananchi anayepewa kipaza sauti baada ya kusubiri saa nzima huwa na mambo matatu moyoni, na huyasema yote kwa pumzi moja: salamu, shukrani kwa kisima, malalamiko juu ya mkandarasi, kisha swali la fidia na swali la mfereji. Mwandishi anayehesabu wasemaji badala ya maswali atapoteza karibu nusu ya yaliyoulizwa. Kwa hiyo usikilizaji wa kwanza hauna mada hata moja. Kazi yake ni kuandika kila swali peke yake, kwa maneno ya muulizaji, na kando yake dakika lilipoulizwa. Katika mkutano wetu, wasemaji 19 walitoa maswali 34.

Usikilizaji wa pili hutafuta majibu. Kazi hii ni ngumu zaidi kwa sababu ya desturi yetu ya kukusanya maswali kwa mafungu. Wananchi sita au saba huuliza kwanza, kisha meza kuu hujibu yote kwa pamoja. Desturi hiyo huokoa muda, lakini huvunja uzi kati ya swali na jibu lake. Kiongozi anayejibu ameandika maneno machache kwenye daftari, naye huanza na lile analolifahamu vizuri. Mwisho wa fungu, mwenyekiti wa kijiji husema, "Nadhani yote yamejibiwa," watu hupiga makofi, na fungu la pili huanza. Namna pekee ya kujua kama kweli yote yamejibiwa ni kulichukua kila swali katika yale 34 na kuliwekea dakika ya jibu lake. Lisilokuwa na dakika halijajibiwa, hata kama makofi yalipigwa.

Baada ya hapo ndipo upangaji wa mada unapoanza, na hapa pana kosa linaloonekana mara nyingi katika mihtasari. Maswali hupangwa kwa neno yanaloshirikiana, nalo mara nyingi ni "fidia". Tutazame maswali matatu ya fungu la kwanza.

Katika dakika ya 22, mama mmoja anasema: "Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, nyumba yangu iliwekwa alama ya X ya kijani. Tangu siku hiyo sijaona mtu. Nitalipwa lini?"

Katika dakika ya 24, mzee anasimama: "Mimi nimewekewa X nyekundu. Marehemu baba alijenga hapa wakati barabara hii ni ya vumbi. Kwa nini nisilipwe?"

Katika dakika ya 27, kijana anauliza: "Nyumba yangu na ya jirani yangu zinafanana, vyumba vitatu kila moja. Mbona fidia yake imezidi yangu?"

Mkuu wa Wilaya anajibu kwa ujumla: "Ndugu zangu, wote wanaostahili watalipwa fidia kwa mujibu wa sheria." Mwandishi aliyechoka ataandika: "Wananchi waliuliza kuhusu fidia, Mkuu wa Wilaya alieleza kuwa wanaostahili watalipwa." Sentensi hiyo haina uongo ndani yake, lakini pia haimfai yeyote kati ya wale watatu. Mama hakuuliza kama anastahili. Alama ya kijani imekwisha kumwambia. Aliuliza lini. Mzee ndiye aliyeuliza kuhusu kustahili. Kijana hakuuliza lolote kati ya hayo mawili, aliuliza hesabu ilivyofanywa.

Kipimo kinachofaa ni hiki: maswali mawili ni ya mada moja iwapo jibu moja la kweli lingewatosheleza waulizaji wote wawili. Kwa kipimo hicho, fidia katika mkutano wetu si mada moja bali ni tatu: mipaka ya hifadhi ya barabara, kiasi cha fidia, na muda wa malipo. Mada ya nne ni barabara za ndani na mifereji. Maswali mawili hayakuingia popote, nayo yakaachwa peke yake. Tunaona ni afadhali swali libaki pweke kuliko kulazimishwa ndani ya kundi lisilo lake.

Mada ya mipaka ndiyo iliyobeba maswali mengi zaidi, 11, na majibu yake ndiyo yaliyokuwa wazi zaidi, kwa kuwa mhandisi aliyajibu kwa vipimo. Kuanzia dakika ya 71 alieleza kuwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake za mwaka 2009 zimeiweka hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kuwa mita 30 kila upande, kupimwa kutoka katikati ya barabara. Kabla ya hapo ilikuwa mita 22.5. Aliyejenga ndani ya mita 22.5 za zamani amehesabiwa kuwa ameifuata barabara. Huwekewa alama nyekundu na hana fidia. Aliyekuwapo kihalali kati ya mita 22.5 na mita 30 amefuatwa na barabara. Huwekewa alama ya kijani, na eneo lake likihitajika hulipwa. Tofauti ya mita saba na nusu ndiyo inayotenganisha familia mbili zinazochota maji katika kisima kimoja.

Jibu hilo linawatosha kumi kati ya wale 11. Halimtoshi mzee. Yeye hakubishania mita. Alidai kwamba ukoo wake ulikuwapo pale kabla. Mhandisi alimwambia, katika dakika ya 76: "Mzee wangu, kama una uthibitisho kwamba mlikuwa hapa kabla eneo halijatengwa kuwa hifadhi, lete kwa mtendaji wa kata, sisi tutakuja kupima upya." Hilo ni jibu tofauti, nalo linastahili mstari wake ndani ya mada ileile. Likimezwa na jibu la jumla, mzee mwingine mwenye madai kama hayo ataisoma habari ya mita 22.5, atakunja nyaraka zake na kuzirudisha sandukuni.

Katika mada ya kiasi cha fidia, mthamini alimjibu kijana vizuri, ingawa kwa kirefu. Alieleza kwamba nyumba mbili zenye vyumba sawa zinaweza kutofautiana kwa vifaa vya ujenzi, umri na hali ya jengo, na kwamba fidia haina jengo peke yake. Ndani yake kuna ardhi na maendelezo yaliyofanywa juu yake, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi, na hasara ya faida kwa mwenye biashara. Posho ya makazi hukokotolewa kwa kodi ya nyumba ya mwezi mmoja kuzidishwa kwa miezi 36. Mthamini alitoa mfano: kodi ikiwa shilingi 30,000 kwa mwezi, posho hiyo ni shilingi 1,080,000. Mfano wa namna hiyo haupaswi kukatwa katika muhtasari hata nafasi ikiwa finyu. Ndio unaomwezesha mtu kuichukua karatasi yake nyumbani na kuikagua.

Tunakuja kwenye mada ya muda, na hapa muhtasari wa mkutano hufaulu au hushindwa. Yalikuwapo maswali manane. Majibu yaliyopatikana hayakuwa na uzito sawa, na lugha ya viongozi wetu, kwa adabu yake, huuficha uzito huo. Mkuu wa Wilaya aliposema "fedha zimeombwa", hakusema zimepatikana. Mhandisi aliposema "mchakato unaendelea", hakutaja hatua iliyofikiwa. Mthamini alipomwambia mwananchi mmoja "hilo nimelichukua", hakuwa amejibu kitu, amepokea tu. Mwandishi wa muhtasari hana ruhusa ya kuyapandisha daraja maneno hayo. "Zimeombwa" ibaki "zimeombwa". Ikigeuzwa kuwa "Serikali itawalipa", muhtasari utakuwa umetoa ahadi ambayo hakuna kiongozi aliyeitoa, na siku ya kuulizwa hakutakuwa na wa kuibeba.

Neno jingine la kuangaliwa ni "mwakani". Mama wa alama ya kijani aliambiwa katika dakika ya 74 kwamba atalipwa "mwakani". Mkutano, tuseme, ulifanyika mwezi Mei. Kwa mtumishi wa umma, mwaka unaofuata ni mwaka wa fedha, unaoanza tarehe 1 Julai, yaani wiki chache tu mbele. Kwa mama yule, mwakani ni baada ya Januari. Kati ya tafsiri hizo mbili ipo miezi sita ya kulipa au kutolipa ada ya shule kwa matumaini ya fidia. Mwandishi hapaswi kuchagua tafsiri anayoipenda. Anapaswa kumrudia aliyejibu, kumwuliza alikusudia mwaka upi, kisha kuandika jibu la mkutanoni kama lilivyo na ufafanuzi kando yake, pamoja na tarehe ulipotolewa.

Jambo hilohilo hutumika pale jibu linapogongana na sheria. Mkulima mmoja aliuliza, katika dakika ya 88: "Mlikuja mkathamini shamba langu, mkasema nisiendeleze. Imepita miaka miwili na miezi minne. Bei ni ileile?" Alijibiwa: "Usiwe na wasiwasi, uthamini wako upo." Lakini Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 inaeleza kuwa uthamini wa fidia hukoma kuwa halali miaka miwili baada ya kuidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Aidha, fidia inatakiwa kulipwa ndani ya miezi sita, na ikichelewa huzaa madai ya riba. Huenda kwa mkulima huyu miaka miwili haijatimia, kwa kuwa siku ya kukaguliwa shamba si siku ya kuidhinishwa taarifa. Huenda pia imepita. Jibu alilopewa halisemi.

Lipo kishawishi cha kuirekebisha kauli ya mtumishi kimyakimya, kwa nia njema, ili aonekane alisema kilicho sahihi. Tunaona hilo ni kosa kubwa kuliko kuliacha jibu pungufu. Sauti ipo, mwenye simu yoyote pale mkutanoni alirekodi pia. Muhtasari ukisema lisilosemwa, wananchi wataacha kuuamini hata katika yale yaliyosemwa. Njia iliyo safi ni kuweka jibu kama lilivyotolewa, kisha, kwa mstari ulio dhahiri kuwa ni wa mwandishi, kueleza sheria inasema nini na kwamba tarehe ya kuidhinishwa haikutajwa.

Kwa hiyo sehemu ya mada hiyo, ikichapishwa, ingesomeka hivi:

"Muda wa malipo. Mwananchi mwenye alama ya kijani aliuliza atalipwa lini. Mkuu wa Wilaya alijibu kuwa fedha zimeombwa na malipo yatafanyika mwakani. Baada ya mkutano alifafanua kuwa alikusudia mwaka wa fedha unaoanza Julai. Mwananchi aliyethaminiwa miaka miwili na miezi minne iliyopita aliuliza kama bei itabaki ileile. Mthamini alijibu kuwa uthamini upo. Maelezo ya mwandishi: kwa mujibu wa sheria, uthamini wa fidia una uhalali wa miaka miwili tangu kuidhinishwa, tarehe ya kuidhinishwa haikutajwa mkutanoni."

Ni maneno machache. Hayamsifu wala kumlaumu mtu.

Mada ya barabara za ndani tunaipitia kwa haraka, maana ugumu wake ni mmoja tu. Wananchi wanne waliuliza kuhusu njia ya kwenda zahanati na mfereji unaomwaga maji uwanjani mwa shule. Mhandisi wa TANROADS alijibu kwa ukarimu, lakini barabara za wilaya, tangu mwaka 2017, zinasimamiwa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), ambao hawakuwa na mwakilishi mezani. Alilosema lilikuwa maoni ya mtaalamu, wala halikuifunga taasisi nyingine. Muhtasari unapaswa kutaja nani alijibu, na kwamba swali limeelekezwa TARURA. Vinginevyo mwananchi atakwenda kubisha hodi katika ofisi isiyo yake.

Kuhusu majina, rai yetu ni kutoyachapisha. Aliyesimama hadharani alisema mbele ya majirani zake. Hakukubali kusomwa na nchi nzima pamoja na kiasi cha fedha anazotarajia kupokea. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata bila sheria busara ingetosha. Kuondoa jina peke yake hakutoshi vilevile. Ukiandika "mjane mwenye duka karibu na kisima", kijiji kizima kimekwisha kumjua. "Mwananchi mwenye alama ya kijani" inatosha, kwa kuwa hali yake ndiyo inayowahusu wasomaji.

Zipo pia sehemu za sauti ambazo hazisikiki: upepo, jenereta, kipaza sauti kilichosogezwa mbali na mdomo. Pale penye tarakimu, mwandishi asikisie. "Elfu kumi na sita" na "elfu sitini" hufanana sana katika kelele. Aandike kuwa haisikiki, au awaulize wawili waliokuwapo, kila mmoja kwa wakati wake.

Yamebaki yale yasiyo na dakika ya jibu. Katika mkutano wetu, maswali 21 yalijibiwa moja kwa moja, manane yalipewa ahadi au kuelekezwa kwingine, na matano hayakuguswa kabisa. Hakuna ushahidi kwamba yalikwepwa. Matatu kati yake yaliulizwa na watu waliokuwa na swali la pili au la tatu ndani ya pumzi moja. Muhtasari mzuri huyaweka yote matano chini ya kichwa chake cha "Maswali ambayo hayakujibiwa", kila moja na namba yake na ofisi inayohusika. Baadhi ya watumishi huona aibu kuchapisha orodha hiyo. Lakini ikiachwa, maswali hayo hurudi katika mkutano unaofuata yakiwa na hasira, na mara nyingine hurudi mahakamani.

Mojawapo liliulizwa katika dakika ya 97, na mama aliyekuwa amekwisha kuuliza juu ya kaburi la mwanawe. Nyumba yake imethaminiwa, ameambiwa asiendeleze chochote, na bati linavuja. Je, kubadilisha bati ni kuendeleza? Kuhusu kaburi alijibiwa vizuri, kwamba uhamishaji wa makaburi una sheria yake na utafanywa kwa kushirikiana na familia. Kuhusu bati hakuna aliyesema neno, na masika ni kila mwaka.

Swali hilo, likiwa limechapishwa kwa namba na dakika, halihitaji kusubiri mkutano mwingine. Mama mwenyewe, au mtendaji wa kijiji kwa niaba yake, anaweza kuliandikia halmashauri barua akitaja muhtasari, namba ya swali na tarehe ya mkutano, na kuomba apewe kwa maandishi maelekezo yanayotumika kuhusu ukarabati wa nyumba iliyokwisha kuthaminiwa. Kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ofisi inayopokea ombi la taarifa ina siku 30 za kulijibu. Barua ipelekwe kwa mkono, na nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.